Nchi Inapodhamini Uchimbaji wa Madini Kilindini: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Neno "mdhamini" kwa Kiswahili lina kazi nyingi. Yupo anayemwekea mwenzake dhamana mahakamani, yupo anayesimama nyuma ya mkopo wa ndugu yake, na yupo anayegharimia timu ya mpira. Nchi inayodhamini kampuni ichimbe madini kwenye sakafu ya bahari ya kimataifa si hata mmoja kati ya hao, na maswali mengi yanayoulizwa huzaliwa na kutojua hilo. Majibu haya yanafuata kisa kimoja, cha kisiwa cha Nauru katika Pasifiki na kampuni ya madini ya NORI, kwa sababu ndicho kilichowalazimisha majaji kusema waziwazi nchi dhamini inawajibika kwa nini na inaishia wapi.

Tunazungumzia sehemu gani ya bahari?

Sakafu ya bahari iliyo nje ya mipaka ya nchi yoyote. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa mwaka 1982 unaiita kwa neno moja tu: Eneo. Maji yaliyo juu yake yana sheria nyingine, hivyo meli inayopita au inayovua samaki hapo haiguswi na majibu haya.

Sehemu inayogombewa zaidi ni ukanda wa Clarion-Clipperton katika Pasifiki, kati ya Hawaii na Meksiko. Huko, kwenye kina cha mita 4,000 hadi 6,000, tope limetapakaa vinundu vyeusi vinavyofanana na viazi. Ndani yake mna manganizi, nikeli, shaba na kobalti. Kinundu hukua milimita chache tu kwa kila miaka milioni moja, kwa hiyo kikiondolewa leo hakuna wa kusubiri kingine.

"Urithi wa pamoja wa binadamu" ni maneno matamu tu, au yana nguvu ya kisheria?

Yana nguvu. Wazo lilifikishwa kwenye Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa na balozi wa Malta, Arvid Pardo, Novemba 1967, wakati mataifa yenye teknolojia yalipoanza kuvitupia macho vinundu hivyo. Miaka 15 baadaye likawa kifungu cha 136 cha Mkataba: Eneo na rasilimali zake ni urithi wa pamoja wa binadamu.

Msomaji wa Kiswahili akisikia "urithi" anaweza kufikiria mali ya marehemu inayosubiri kugawanywa. Hapa ni kinyume chake. Kifungu cha 137 kinakataza nchi yoyote kudai kipande cha Eneo, na kinakataza mtu au kampuni kujimilikisha madini yake nje ya utaratibu wa Mkataba. Mali inabaki ya wote, na kinachoweza kugawanywa ni faida yake. Msimamizi ni Mamlaka ya Kimataifa ya Sakafu ya Bahari, yenye makao yake Kingston, Jamaika, ambayo hutoa mikataba ya utafutaji na ndiyo inayotakiwa kuandaa kanuni za uchimbaji na za kugawana mapato.

Kuna kipengele kimoja ndani ya utaratibu huu ambacho bila kukielewa kisa cha Nauru hakieleweki. Nchi au kampuni inapoomba eneo la vinundu, kwa kawaida huonyesha eneo kubwa linalotosha kazi mbili zenye thamani inayolingana. Mamlaka huchagua nusu moja na kuiweka akiba. Nusu hiyo ya akiba husubiri Mamlaka yenyewe au nchi zinazoendelea. Lengo lilikuwa kwamba wenye meli na maabara wafanye utafiti wa gharama, na wasio navyo wasikute sahani tupu.

Kwa nini kampuni inahitaji nchi? Si ingeomba yenyewe tu?

Haiwezi. Mkataba ni makubaliano ya nchi, na kampuni binafsi haijautia saini. Ili kampuni ifungwe na masharti yake, lazima iwepo nchi mwanachama inayosema: huyu ni wangu, nitahakikisha anafuata. Tamko hilo huandikwa kwenye hati ya udhamini inayoambatanishwa na maombi. Bila hati, Mamlaka haisomi ukurasa wa pili.

Nchi hiyo lazima iwe ile ambayo kampuni ina uraia wake, au ambayo yenyewe au raia wake wanaidhibiti kampuni. Ikiwa uraia uko nchi moja na udhibiti uko nchi nyingine, zote mbili zinatakiwa kudhamini. Swali la "udhibiti" tutalirudia, maana ndipo penye mwanya.

Kisa cha Nauru kilianzaje?

Mwaka 2008 kampuni mbili ziliomba maeneo ya akiba huko Clarion-Clipperton. NORI ilidhaminiwa na Nauru, na TOML ilidhaminiwa na Tonga. Hazikuwa kampuni zilizoanzishwa na wavuvi wa visiwani. Nyuma yao kulikuwa na mtaji na utaalamu wa kigeni uliohitaji jina la nchi inayoendelea ili kufungua mlango wa akiba. Kwa upande wao, visiwa hivyo visingeweza kamwe kugharimia meli za utafiti. Kila mmoja alikuwa na alichokosa mwenzake.

Lakini Nauru ilisita, na ilikuwa na sababu. Ni kisiwa cha kilomita za mraba 21. Hadi 1968 kilikuwa chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa, kikiendeshwa na Australia kwa niaba yake, Uingereza na Nyuzilandi, na katika miaka hiyo fosfeti ilichimbwa hadi sehemu kubwa ya ardhi ikabaki miamba mitupu. Mwaka 1989 Nauru iliishtaki Australia kwenye Mahakama ya Kimataifa ya Haki kwa kushindwa kuirekebisha ardhi hiyo, na shauri likamalizwa kwa makubaliano mwaka 1993. Kwa hiyo Nauru iliwahi kuwa upande wa pili wa neno hili hili "udhamini", na ilijua bili ya uchimbaji inavyoweza kufika miaka mingi baada ya mchimbaji kuondoka.

Mwaka 2010 iliiuliza Mamlaka swali la wazi: kampuni yetu ikiharibu, sisi tutalipa kiasi gani? Ilieleza kwamba ilikubali kudhamini ikiamini inaweza kujikinga na hatari hiyo, na kwamba hasara ya ajali moja ingeweza kuzidi uwezo wa nchi nzima. Mwezi Mei mwaka huo Baraza la Mamlaka lilipeleka maswali matatu kwa Jopo la Mizozo ya Sakafu ya Bahari, ambalo ni sehemu ya Mahakama ya Kimataifa ya Sheria ya Bahari iliyoko Hamburg. Jibu lilitoka tarehe 1 Februari 2011, na majaji wote walikubaliana.

Majaji walisema nchi dhamini inatakiwa kufanya nini?

Waliyagawa majukumu katika mafungu mawili.

Fungu la kwanza ni wajibu wa kuhakikisha kampuni inafuata sheria. Wakafafanua kwamba huu ni wajibu wa jitihada, si wajibu wa matokeo. Nchi haiahidi kwamba ajali haitatokea. Inaahidi kwamba itafanya kila linalowezekana kwa serikali makini ili isitokee. Daktari haahidi kumponya kila mgonjwa, lakini asipompima kabisa ana kesi ya kujibu.

Jitihada hizo zina umbo maalumu. Nchi lazima iwe na sheria, kanuni na utaratibu wa utawala unaofanya kazi. Kusaini mkataba na kampuni pekee hakutoshi, na nadhani hii ndiyo sentensi muhimu kuliko zote katika maoni yale. Mkataba wa faragha kati ya waziri na kampuni haujulikani na umma, unaweza kurekebishwa chemba, na hauna meno ya sheria iliyopitishwa na bunge. Majaji walitaka pia kuwepo usimamizi wa kweli, yaani mtu wa kukagua na njia ya kulazimisha. Wakaongeza kwamba kiwango cha jitihada hakisimami pale pale: hupanda kadiri hatari inavyopanda, hivyo uchimbaji unadai zaidi kuliko utafutaji, na kilichotosha jana kinaweza kuwa uzembe kesho sayansi ikifichua jambo jipya.

Fungu la pili ni majukumu ya nchi yenyewe, ambayo haiwezi kuiachia kampuni. Inatakiwa kuisaidia Mamlaka katika usimamizi, kuchukua hatua za tahadhari hata pale ushahidi wa kisayansi haujakamilika, kudai njia bora za kulinda mazingira, kuhakikisha tathmini ya athari kwa mazingira inafanyika, na kuwapa waliodhurika njia ya kudai fidia katika mahakama zake. Juu ya tathmini ya athari, majaji walisema huo ni wajibu hata chini ya sheria ya kimila ya kimataifa, hivyo kutosaini mkataba fulani si kisingizio.

Nchi ndogo na maskini zinalegezewa?

Kwa kiini cha majukumu, hapana. Wengi walitarajia jibu jingine. Majaji walihofia kilichotokea kwenye usajili wa meli: wenye meli hukimbilia bendera za nchi zenye masharti laini, na nchi hushindana kulegeza. Kama udhamini ungekuwa rahisi zaidi katika nchi maskini, kampuni za nchi tajiri zingesajili matawi huko ili kukwepa masharti ya kwao, na urithi wa pamoja ungelindwa kwa kiwango cha aliye dhaifu kuliko wote.

Nafasi ndogo ilibaki. Hatua za tahadhari hupimwa kwa uwezo wa nchi, kwa hiyo haitarajiwi kisiwa chenye watu elfu chache kiwe na chombo cha utafiti cha kilindini. Lakini kinatarajiwa kuwa na sheria. Tonga ilipitisha yake mwaka 2014, na Nauru mwaka 2015, wakati NORI tayari ilikuwa na mkataba wa utafutaji tangu Julai 2011. Mkataba huo wa utafutaji ulitangulia sheria ya Nauru kwa miaka minne. Nawaachia mpime wenyewe.

Ajali ikitokea, nani analipa?

Tuchukue mfano wa kubuni. Mashine ya kampuni inavuta vinundu pamoja na tope. Bomba linalorudisha tope lina hitilafu, wingu la tope linasambaa na kuharibu eneo lililotengwa kwa ulinzi. Tuseme hasara inathaminiwa kuwa dola milioni 100, na kampuni ina mali ya milioni 15.

Kampuni ndiyo ya kwanza kubeba dhima, kwa kosa lake. Ikilipa zote 100, hadithi imeisha, kwa kuwa fidia hailipwi mara mbili. Lakini ina 15 tu, na 85 zinaelea. Hapa ndipo watu hudhani "mdhamini" atajaza.

Hali ya kwanza: nchi ilikuwa na sheria nzuri, ilituma wakaguzi, ilidai vipimo vya bomba na ilivipata. Bomba likapasuka hata hivyo. Kifungu cha 139 kinasema nchi iliyochukua hatua zote zilizohitajika na kufaa haina dhima. Inalipa sifuri. Zile 85 hazilipwi na mtu.

Hali ya pili: nchi haikuwa na sheria, haikukagua, na mkaguzi yeyote angeiona hitilafu ile. Kuna kosa la nchi, kuna madhara, na kosa limechangia madhara. Nchi inawajibika, na zile 85 zinaweza kuwa mzigo wake.

Hali ya tatu ndiyo inayowachanganya wengi: nchi ilizembea, lakini katika jambo lisilohusiana. Tuseme haikuwa na utaratibu wa kudai fidia mahakamani, ilhali bomba lilipasuka kwa kasoro ya kiwandani ambayo ukaguzi wowote usingeigundua. Uzembe upo na madhara yapo, lakini kiungo kati yake hakipo. Majaji walisema kiungo hicho hakidhaniwi, lazima kithibitishwe. Nchi haidaiwi zile 85.

Kwa hiyo anayesimama nyuma ya mkopo hulipa pale mkopaji anaposhindwa, hata kama yeye hakukosea lolote. Nchi dhamini hulipa kwa kosa lake yenyewe tu. Dhima yake inakwenda sambamba na ya kampuni na haipokei masalia ya deni.

Basi zile dola milioni 85 za hali ya kwanza zinakwenda wapi?

Zinabaki shimo. Majaji waliliona, na wakapendekeza Mamlaka ifikirie kuunda mfuko wa kufidia hasara zisizo na mlipaji. Mfuko wa namna hiyo ni rahisi kuutaja kuliko kuujaza: nani achangie, kiasi gani, na kabla au baada ya kuanza kuchimba? Mswada wa kanuni za uchimbaji una vifungu vya mfuko wa fidia ya mazingira, lakini kanuni zenyewe zilikuwa bado zinajadiliwa Kingston kufikia katikati ya 2025.

Hatari ya kampuni tupu si nadharia. Kampuni ya Nautilus Minerals, ya Kanada, ilipanga kuchimba madini kwenye bahari ya Papua New Guinea, ndani ya mipaka ya nchi hiyo, si kwenye Eneo. Serikali ilinunua hisa kwenye mradi. Mwaka 2019 kampuni ikafilisika kabla ya kuchimba, na serikali ikapoteza zaidi ya dola milioni 100 za Marekani. Hapo hakukuwa hata na uharibifu wa kulipia. Jiulize ingekuwaje kama kampuni ingefilisika baada ya kuchimba.

Tutajuaje madhara yamesababishwa na nani, kilomita nne chini ya maji?

Ni vigumu, na ugumu huo unamsaidia mdaiwa. Mwaka 1989 wanasayansi wa Kijerumani walilima kwa makusudi sehemu ya sakafu ya bahari karibu na Peru ili waone itachukua muda gani kupona. Waliporudi 2015, miaka 26 baadaye, mistari ya plau ilikuwa bado inaonekana na viumbe havijarudi kama vilivyokuwa. Ushahidi wa jeraha haufutiki haraka. Kinachokosekana ni picha ya hali ilivyokuwa kabla.

Ndiyo maana takwimu za msingi ndizo za kuangaliwa kwanza katika ripoti ya kampuni yoyote. Je, walipima viumbe na tope kwa miaka kadhaa, misimu tofauti, kabla ya mashine kushuka? Je, wametenga eneo la kulinganishia lisiloguswa, lenye vinundu vya aina ile ile, na lililo mbali kiasi cha kutofikiwa na wingu la tope? Eneo la kulinganishia likiwekwa mahali pasipofanana, tofauti itakayoonekana baadaye haitathibitisha kitu, na hali ya tatu ya mfano wetu itamwokoa kila mzembe.

Kampuni inadhaminiwa na kisiwa, lakini wenye hisa wako kwingine. Hilo linaruhusiwa?

Kwa vitendo limekuwa likiruhusiwa. NORI leo ni tawi la The Metals Company, kampuni ya Kanada iliyoorodheshwa kwenye soko la hisa la Nasdaq tangu 2021, na kupitia TOML kampuni hiyo hiyo inadhaminiwa na Tonga pia. Ukisoma "udhibiti" kwa maana ya nani ana hisa na nani anaajiri mkurugenzi, Kanada ingepaswa kuwa mezani. Mamlaka imeridhika na maana nyepesi zaidi: kampuni imesajiliwa kwa nchi dhamini na iko chini ya sheria zake.

Naona tafsiri hiyo inaudhoofisha mpango mzima. Nchi inayoweza kukagua vitabu vya kampuni mama na kukamata mali zake haina wajibu wowote, na yenye wajibu inasimamia tawi ambalo linaweza kuwa na dawati na mhuri tu.

Marekani haimo kwenye Mkataba. Inaweza kutoa leseni yake?

Inayo sheria yake ya mwaka 1980 inayoruhusu raia wake kuchimba kilindini. Aprili 2025 Rais Trump alitoa amri ya kuharakisha leseni hizo, na siku chache baadaye The Metals Company iliwasilisha maombi kupitia tawi lake la Marekani.

Kwa nchi wanachama jibu liko kwenye kifungu cha 137: madai ya madini ya Eneo yaliyopatikana nje ya utaratibu wa Mkataba hayatambuliwi. Marekani haifungwi na maandishi hayo kama mwanachama. Lakini Nauru na Tonga zinafungwa. Kama kampuni zinazodhaminiwa nazo zinatumika kwa namna yoyote kurahisisha njia ya pembeni, swali la jitihada linarudi kwao: mlijua nini, na mlifanya nini mlipojua? Julai 2025 Baraza la Mamlaka liliagiza uchunguzi juu ya wakandarasi wanaoweza kuwa wanakiuka wajibu wao.

Nchi ikichoka, inaweza kujitoa kwenye udhamini?

Ndiyo. Huandika barua kwa Katibu Mkuu wa Mamlaka ikieleza sababu, na udhamini hukoma miezi sita baada ya barua kupokelewa, isipokuwa barua itaje tarehe ya mbele zaidi. Katika muda huo kampuni hutafuta nchi nyingine, la sivyo mkataba wake unavunjika. Lakini barua haifuti yaliyopita. Majukumu yote ya kipindi ambacho nchi ilikuwa mdhamini yanabaki shingoni mwake, ikiwa ni pamoja na uharibifu uliofanyika wakati huo ukagunduliwa miaka mingi baadaye, meli zikiwa zimeshaondoka.